Pembe ya Sifuri Kati ya Bara na Visiwani

Zanzibar imeibana malaria kuliko sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki. Dawa mseto zilipoanza kutolewa mwaka 2003, zikafuatwa na vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, idadi ya watu wenye vimelea ilishuka hadi chini ya mtu mmoja kwa kila 100. Hata hivyo ugonjwa haujaondoka. Wahudumu wa afya wanapowafuatilia wagonjwa, wengi hukutwa walikuwa Tanzania Bara muda mfupi kabla ya kuugua. Hapo linazuka swali linaloweza kujibiwa kwa hesabu: inawezekanaje ugonjwa uendelee kuwapo mahali ambapo hauwezi kujiendesha wenyewe? Na kama unaendelea, ni nini kinachoamua kasi yake, hali ya visiwani au hali ya Bara?

Jibu limo ndani ya matriksi moja ya namba kumi na sita, ambayo robo yake moja ni sifuri tupu. Nitaijenga hapa hatua kwa hatua, kwa sababu sifuri hizo zinatupa kitu ambacho kwa kawaida hupatikana kwa jasho jingi: thamani aigeni za matriksi nzima zinasomwa moja kwa moja kutoka kwenye bloku zake mbili ndogo, bila kugusa kilichobaki. Lakini zinaficha kitu pia, na anayezisoma bila kujua kilichofichwa anaweza kutoa ushauri mbaya kwa moyo safi.

Tuanze na sehemu moja tu. Ronald Ross, aliyeonyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu na akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1902, aliandika milinganyo ya ugonjwa huu katika kitabu chake cha 1911. George Macdonald aliiendeleza katika miaka ya 1950. Kiini chake ni chepesi. Tunafuatilia vitu viwili: sehemu ya watu walioambukizwa, tuiite x, na sehemu ya mbu walioambukizwa, tuiite y. Watu huambukizwa na mbu na baadaye hupona. Mbu huambukizwa na watu na baadaye hufa. Wakati ugonjwa bado ni mchache, yaani karibu na hali ya kutokuwa na malaria kabisa, mabadiliko ya kila siku yanaandikika hivi:

```
badiliko la x = -0.01 x + 0.044 y
badiliko la y =  0.05 x - 0.1   y
```

Namba hizi nimezichagua mimi ili hesabu iwe safi; hazikupimwa katika wilaya yoyote. Hata hivyo zina umbo la kweli. Ile 0.01 inasema maambukizi hudumu kwa mtu siku 100 kwa wastani, na 0.1 inasema mbu huishi siku 10. Ile 0.044 inabeba kwa pamoja idadi ya mbu kwa kila mtu, mara wanazouma kwa siku, na uwezekano wa kuumwa kuzaa maambukizi. Ile 0.05 ni njia ya kurudi, kutoka kwa mtu kwenda kwa mbu. Nimeacha muda ambao vimelea hukomaa ndani ya mbu, ingawa kwa kazi halisi hauachwi, kwa kuwa mbu wengi hufa kabla haujatimia.

Namba hizo nne ni matriksi, tuiite A. Thamani aigeni ya matriksi ni namba λ ambayo kuna mchanganyiko wa x na y, usio sifuri, ambao matriksi ikiufanyia kazi huurudisha ukiwa na uwiano uleule, ila umezidishwa kwa λ. Mchanganyiko huo ndio vekta aigeni. Katika ugonjwa maana yake inagusika: mlipuko unaokua kwa uwiano huo hukua wote kwa kasi moja, λ kwa siku. Ikiwa λ kubwa kuliko zote ni chanya, ugonjwa unakua. Ikiwa ni hasi, unakufa. Kwa A, tunatafuta λ zinazofanya determinanti ya A − λI iwe sifuri, na tunapata λ² + 0.11λ − 0.0012 = 0. Majibu yake ni 0.01 na −0.12. Ugonjwa unakua kwa asilimia moja kwa siku, yaani unakuwa maradufu kwa takribani siku 69. Hiyo ndiyo Bara ya mfano wetu.

Visiwani tuweke kila kitu vilevile isipokuwa kuumwa. Vyandarua na dawa ukoko vimeishusha 0.044 hadi 0.0095. Bloku ya pili, D, ina 0.0095 hiyo, na mlinganyo wake ni λ² + 0.11λ + 0.000525 = 0. Majibu ni −0.005 na −0.105. Zote hasi. Ugonjwa ukiachwa peke yake Unguja na Pemba unapungua kwa nusu kila siku 139 hivi. Kwa lugha ya wataalamu wa magonjwa, namba ya msingi ya uzalishaji, ambayo hapa ni zao la njia mbili za maambukizi kugawanywa kwa zao la kasi za kupona na kufa, ni 2.2 Bara na 0.475 visiwani. Mgonjwa mmoja visiwani hazai hata mgonjwa mmoja mwingine.

Sasa tuziunganishe sehemu hizi. Mkazi wa Unguja anavuka kwenda Dar es Salaam au Tanga, anaumwa huko, anarudi na vimelea. Tuseme mkazi wa visiwani hutumia asilimia 2 ya muda wake Bara. Basi mbu wa Bara wanachangia maambukizi ya watu wa visiwani kwa 0.02 × 0.044, yaani 0.00088. Kwa upande mwingine, mbu wa Bara wanaweza kumuuma mgeni kutoka visiwani na kuambukizwa naye, lakini sehemu hiyo ni ndogo mno, na kwa sasa tuihesabu sifuri. Tukipanga vitu vyetu vinne kwa mfuatano wa watu wa Bara, mbu wa Bara, watu wa visiwani, mbu wa visiwani, tunapata hii, tuiite M:

```
[ -0.01   0.044     0       0      ]
[  0.05  -0.1       0       0      ]
[  0      0.00088  -0.01    0.0095 ]
[  0      0         0.05   -0.1    ]
```

Juu kushoto kuna A. Chini kulia kuna D. Chini kushoto kuna bloku ya safari, tuiite B, yenye namba moja tu isiyo sifuri. Juu kulia ni sifuri nne, na hiyo ndiyo pembe ninayoizungumzia. Matriksi ya namna hii huitwa ya bloku za pembetatu. Kama B nayo ingekuwa sifuri, ingeitwa ya bloku za mshazari, kwa sababu kingebaki kilichopo kwenye mshazari mkuu tu, ule unaoshuka kutoka juu kushoto hadi chini kulia.

Kanuni inasema thamani aigeni za matriksi hii ya nne kwa nne ni zile za A pamoja na zile za D: 0.01, −0.12, −0.005 na −0.105. Hakuna nyingine, na B haina sauti hata kidogo. Watu wengi huipokea kanuni hii kama zawadi na kuendelea na safari. Mimi naona inafaa kusimama tuone kwa nini B inanyamazishwa, kwa sababu sababu yake ni fupi na inaonekana kwa macho.

Determinanti ya matriksi ya nne kwa nne ni jumla ya mazao mengi. Kila zao hupatikana kwa kuchagua namba nne, kwa sharti kwamba kila safu ya mlalo itoe namba moja na kila safu ya wima itoe namba moja, kisha kuzizidisha na kuweka alama ya kujumlisha au kutoa. Tazama safu mbili za juu. Katika wima mbili za kulia zina sifuri, kwa hiyo zao lolote lisilokuwa sifuri lazima lichukue namba zake mbili za juu kutoka wima mbili za kushoto. Zikishachukuliwa hizo, wima za kushoto zimeisha. Safu mbili za chini haziruhusiwi tena kugusa wima hizo, na B iko humo humo. Zinabaki na wima za kulia tu, yaani D. Kwa hiyo kila zao lililo hai ni zao la A mara zao la D, alama zake nazo zinazidishana, na jumla yote inakuwa determinanti ya A mara determinanti ya D. Tukiondoa λ kwenye mshazari mkuu, pembe ya sifuri haiguswi, kwa hiyo hoja ni ileile kwa M − λI. Polinomia inayotoa thamani aigeni inagawanyika kuwa polinomia mbili zilizozidishwa, na kila moja ina mizizi yake.

Hoja hii inaonyesha pia mpaka wake. Inasimama kwa sababu bloku nzima ya pembe ni sifuri na kwa sababu A na D ni za mraba. Bloku zote nne zikiwa na namba, wapo wanaojaribu kuandika determinanti ya A mara ya D, kutoa determinanti ya B mara ya C, kana kwamba bloku ni namba za kawaida. Hilo kwa ujumla si kweli. Fomula inayofaa A inapokuwa na kinyume ni determinanti ya A mara determinanti ya D − BA⁻¹C, ambapo C ni bloku ya pembe ya juu kulia. Ukiweka C kuwa sifuri, unarudi kwenye kanuni yetu.

Anayetaka kuona kwa mkono wake, hii inatosha:

```python
import numpy as np
A = np.array([[-0.01, 0.044], [0.05, -0.1]])
D = np.array([[-0.01, 0.0095], [0.05, -0.1]])
B = np.array([[0, 0.00088], [0, 0]])
M = np.block([[A, np.zeros((2, 2))], [B, D]])
print(np.linalg.eigvals(M))
```

Zidisha B kwa 10, au iweke iwe sifuri kabisa. Orodha inaweza kuja kwa mpangilio tofauti, na tarakimu za mwisho kabisa zikatikisika kidogo, lakini namba ni zilezile nne.

Na hapa ndipo wasiwasi unapoanza. Tukizisoma thamani aigeni peke yake, visiwa vyenye wasafiri kila siku na visiwa visivyofikwa na mtu vinafanana kabisa. Mtu mwenye haraka anaweza kusema: safari hazina athari, hesabu imethibitisha. Hesabu haijathibitisha hivyo. Imesema tu kwamba safari za upande mmoja haziongezi kasi mpya. Swali la nani anaugua kwa kasi iliyopo linajibiwa na vekta aigeni, na huko B inasema kwa sauti kubwa.

Tuichukue λ = 0.01, ile ya Bara. Katika bloku ya A, mchanganyiko unaokua kwa kasi hiyo una x mara 2.2 ya y. Weka y ya Bara iwe 1 na x ya Bara iwe 2.2. Sasa visiwani: watu wa huko wanatakiwa nao wakue kwa 0.01, kwa hiyo 0.02 mara x yao lazima iwe sawa na 0.0095 mara y yao, kujumlisha 0.00088 inayoletwa na mbu wa Bara. Mbu wa visiwani nao, kwa mlinganyo wao, ni 0.05 ÷ 0.11 ya watu walioambukizwa huko. Ukiweka hilo ndani, unabaki na 0.01568 mara x sawa na 0.00088, na x ya visiwani inatoka 0.056.

Linganisha na 2.2 ya Bara. Kiwango cha maambukizi visiwani ni kama asilimia 2.55 ya kiwango cha Bara. Bara ikiwa na watu 10 walioambukizwa kwa kila 100, visiwani watakuwa robo ya mtu kwa kila 100, na robo hiyo inakua kwa kasi ya Bara, asilimia moja kwa siku, ingawa bloku ya visiwani haina hata thamani moja chanya. Hiyo ndiyo kasi ya kuazima. Mtu anayehesabu wagonjwa hospitalini Unguja ataona mstari unaopanda, naye anaweza kudhani mbu wa Unguja wameshinda vyandarua, kumbe kinachopanda ni Bara.

B inaingia hapa kwa uwiano wa moja kwa moja. Safari zikipungua nusu, 2.55 inakuwa takribani 1.3. Zikiongezeka maradufu, inakuwa 5.1. Kasi haibadiliki. Kwa hiyo kupima wasafiri bandarini na kuwatibu ni kazi yenye maana kamili, inayopunguza wagonjwa kwa kiasi kinachohesabika, lakini haiwezi kubadili mwelekeo wa mstari. Mwelekeo unabadilishwa na A tu, na A ni suala la Bara.

D nayo ina nafasi yake. Tuseme vyandarua vimechakaa na upuliziaji umesitishwa, na ile 0.0095 imepanda hadi 0.0315. Thamani kubwa ya D inakuwa 0.005, chanya, na visiwa sasa vinaweza kuendesha ugonjwa wenyewe. Thamani kubwa ya mfumo wote bado ni 0.01, haijasogea. Lakini ukirudia hesabu ya vekta, x ya visiwani inatoka 0.155, yaani asilimia 7 ya Bara badala ya 2.55. Kadiri thamani ya D inavyoikaribia ile ya Bara, ndivyo kila maambukizi yaliyoletwa yanavyokuzwa zaidi. Anayechunguza thamani aigeni kubwa peke yake hangeona chochote kimebadilika, huku wagonjwa wakiwa karibu mara tatu. Ndiyo maana nasema bloku zote mbili zisomwe, si ile yenye namba kubwa tu.

Kuna jambo moja la kusahihisha kabla msomaji hajalisema. Ugonjwa Bara hauwezi kukua asilimia moja kwa siku milele. Watu wasioambukizwa hupungua na mstari hulala. Milinganyo kamili, ile yenye kuzingatia waliokwisha kuambukizwa, inaiacha Bara ya mfano wetu ikitulia kwenye watu 44 hivi kwa kila 100, na visiwa vikitulia karibu na 3 kwa kila 100. Vinatulia juu ya sifuri, japo namba yao ya uzalishaji ni 0.475. Lakini pembe ya sifuri haiondoki hata hapo. Bloku za A na D hubadilika kwa kuwa tunazipima kwenye hali nyingine, ila kwa kuwa Bara haisikii chochote kutoka visiwani, zile sifuri nne zinabaki na kanuni inaendelea kufanya kazi.

Sasa niseme kosa ninaloliona hatari kuliko yote. Nimepanga vitu kwa mahali: Bara kwanza, visiwa baadaye. Mtu mwingine, bila kosa lolote, angeweza kupanga kwa aina: watu wa Bara, watu wa visiwani, mbu wa Bara, mbu wa visiwani. Mfumo ni uleule, lakini matriksi inaonekana hivi:

```
[ -0.01   0       0.044    0      ]
[  0     -0.01    0.00088  0.0095 ]
[  0.05   0      -0.1      0      ]
[  0      0.05    0       -0.1    ]
```

Pembe ya sifuri imetoweka. Sifuri ni nyingi vilevile, lakini zimetawanyika. Na bloku mbili za kwenye mshazari zimekuwa safi kupita kiasi: moja ina −0.01 mara mbili, nyingine −0.1 mara mbili. Jicho linavutwa kusoma −0.01, −0.01, −0.1 na −0.1, zote hasi, na kutangaza kwamba malaria itakwisha Bara na visiwani bila kufanya lolote. Ni makosa, kwa sababu hakuna bloku ya pembe iliyo sifuri hapa. Ya juu kulia ina namba tatu na ya chini kushoto ina mbili. Kanuni haikuruhusu usomaji huo.

Jambo la kujulisha kwamba kuna kosa ni jepesi, ila jaribio la kawaida halitoshi. Wengi hujumlisha thamani walizopata na kulinganisha na jumla ya mshazari mkuu. Hapa jumla ya usomaji mbaya ni −0.22, na jumla sahihi, 0.01 − 0.12 − 0.005 − 0.105, nayo ni −0.22. Kosa limepita salama, na litapita kila mara, kwa kuwa anayesoma mshazari lazima ajumlishe mshazari. Kinachomkamata ni determinanti, kwa sababu zao la thamani zote lazima lilingane nayo. Usomaji mbaya unatoa namba chanya, 0.000001. Determinanti halisi ni −0.0012 mara 0.000525, yaani hasi. Alama peke yake inatosha kuonyesha kwamba kuna kitu kimesomwa vibaya.

Basi unajuaje kama matriksi iliyoletwa mbele yako ina pembe ya sifuri iliyofichwa na mpangilio? Acha kuitazama kama jedwali, ichore kama mishale. Weka nukta kwa kila kitu, na kila panapokuwa na namba isiyo sifuri chora mshale kutoka kwa kinachosababisha hadi kwa kinachobadilika. Mbu wa Bara wanapeleka mshale kwa watu wa Bara, na watu wa Bara wanaurudisha. Visiwani vivyo hivyo. Kisha kuna mshale mmoja wa mbu wa Bara kwenda kwa watu wa visiwani, na hakuna njia yoyote ya kurudi. Vitu vinavyoweza kufikiana kwenda na kurudi ni bloku moja. Mishale kati ya bloku inakwenda upande mmoja tu, kwa hiyo bloku zinaweza kupangwa kwa foleni, na mpangilio huo ndio unaoirudisha pembe ya sifuri. Georg Frobenius alilishughulikia umbo hili kwa matriksi zisizo na namba hasi mwaka 1912, na mwaka 1972 Robert Tarjan alichapisha namna ya kutafuta vikundi hivyo kwa kompyuta kwa kuupitia kila mshale mara moja tu. Kwa vitu vinne penseli inatosha. Kwa mfumo wa wilaya zote za nchi, wenye mamia ya nukta, hutaona kitu kwa macho.

Inabaki ile sifuri niliyoiweka kwa ukarimu. Nilisema mbu wa Bara kuambukizwa na mgeni wa visiwani ni jambo dogo mno. Dogo kiasi gani? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar na takribani milioni 59.9 Bara. Wakazi wa visiwani wakitumia asilimia 2 ya muda wao Bara, basi kati ya watu walioko Bara kwa wakati wowote, wao ni kama 0.0006. Zidisha kwa 0.05 upate 0.00003. Hiyo ndiyo namba inayostahili kukaa kwenye safu ya mbu wa Bara, chini ya wima ya watu wa visiwani, mahali nilipoandika sifuri.

Tukiirudisha, kanuni inavunjika rasmi, lakini thamani ya 0.01 inasogea hadi kama 0.01000026 tu. Imesogea kidogo hivyo kwa sababu maambukizi yanayorudi Bara ni lazima yapite milango miwili: kwanza yatoke Bara kwenda visiwani kwa 0.00088, kisha yarudi kwa 0.00003. Badiliko linafuata zao la namba hizo mbili. Kwa hiyo si lazima pembe iwe sifuri halisi ili usome bloku. Inatosha zao la pembe mbili liwe dogo kulinganisha na mraba wa umbali kati ya thamani za A na thamani za D.

Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo yenye uzito. Hapa umbali kati ya 0.01 na −0.005 ni mkubwa, ndiyo maana tumepona. Lakini chukua sehemu mbili zinazofanana, tuseme wilaya mbili jirani zenye mbu walewale na vyandarua vilevile, ambazo thamani zao ni sawa kabisa. Kwa urahisi tuzifanye namba moja moja: a kwenye mshazari mara mbili, 1 kwenye pembe ya chini, na 0.000001 kwenye pembe ya juu. Thamani aigeni hazisogei kwa sehemu moja ya milioni. Zinasogea kwa kipeuo cha pili cha zao la pembe, yaani 0.001 juu na chini ya a, mara elfu moja ya namba uliyoiona ndogo ukaitupa. Na hata pembe ya juu ikiwa sifuri kamili, wilaya hizo hazikui kwa kasi safi ya a: vekta aigeni mbili zimegeuka kuwa moja, na wagonjwa wa wilaya inayopokea hufuata ukuaji wa kasi hiyo ukizidishwa kwa idadi ya siku zilizopita. Kwa hiyo mtu anayetaka kuzihesabu wilaya mbili jirani kama bloku mbili zilizotengana, kwa sababu tu wanaorudi ni wachache, anapaswa kwanza azitazame thamani za bloku zenyewe. Zikikaribiana, uchache wa wanaorudi haumlindi.